Rasimu mbili za barua moja ya pongezi

Nilikuwa afisa utawala wa hospitali ya wilaya, nafasi ambayo barua za pongezi huangukia mezani kwako bila kuziomba. Kisa hiki ni cha barua moja niliyoiandika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa nzuri kusoma ila haikuwa ya kweli. Hospitali yenyewe naiacha bila jina, na watu nitawataja kwa kazi zao tu.

Ijumaa moja ya masika, umeme ulikatika saa 3:50 usiku. Jenereta likawaka lenyewe kama linavyotakiwa, likanguruma hadi saa 4:35, kisha likazimika. Katika stoo ya chanjo kulikuwa na majokofu mawili. Moja ni lile lenye ukuta wa barafu ndani, lililotengenezwa mahsusi kwa chanjo: ukilifunga usilifungue, linaweza kutunza ubaridi zaidi ya saa 20 bila umeme. La pili lilikuwa jokofu la kawaida, tulilopewa wakati wa kampeni, na hilo halina akiba yoyote. Umeme ukikatika, joto linaanza kupanda saa ileile. Yote mawili yanatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8.

Jumatatu asubuhi chanjo zilikuwa salama, vituo 14 vilivyochukua mgao kwetu vilifungua kliniki za watoto, na Mganga Mfawidhi akaniita: "Andika barua, hawa watu wamefanya kazi." Nikaiandika siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana. Naweka hapa kiini chake kama kilivyokuwa:

"Kwa niaba ya Menejimenti, napenda kuwapongeza kwa kujituma, uzalendo na moyo wa kujitolea mliouonyesha usiku wa Ijumaa. Haraka mliyoifanya ya kuhamisha chanjo iliokoa chanjo zote za wilaya, zaidi ya dozi 9,400, zisiharibike. Menejimenti inatambua mchango wenu na kuwataka muendelee na moyo huohuo."

Niliandika majina manne: mratibu wa chanjo, msaidizi wake, dereva, na mfamasia mkuu wa hospitali. Kisha nikaenda stoo kuhakiki tahajia ya majina, kwa sababu hakuna kinachoudhi kama barua ya pongezi iliyokosea jina la mtu.

Mratibu wa chanjo, mama wa makamo aliyekaa kwenye stoo ile miaka mingi kuliko sisi wote, aliisoma akiwa amesimama. Akairudia. Akanirudishia karatasi.

"Kaka, asante," akasema. "Lakini hatukufanya haraka. Tungefanya haraka tungeziua."

Nikavuta kiti nikakaa. Ilinichukua siku mbili kuelewa alichomaanisha kwa ukamilifu, na siku hizo mbili ndizo zilizozaa barua.

Nilianza na daftari la matukio la mlinzi wa getini. Mwandiko wake ni wa kalamu nzito na unaegemea kushoto. Pale palikuwa pameandikwa: "4:40 jenereta limezima. Nimempigia mama wa chanjo. Amepokea." Ni mstari mmoja tu, na jina la aliyeuandika halikuwa kwenye rasimu yangu. Nilimuuliza alijuaje wa kumpigia. Akaniambia namba imebandikwa mlangoni mwa stoo, aliinakili kwenye simu yake wiki ya kwanza alipopangiwa lindo letu, kwa sababu karatasi ilikuwa inafutika. Jenereta likizimika watu wengi hufikiria taa za wodini. Yeye alifikiria stoo.

Mratibu alifika saa 5:05 kwa pikipiki. Kitu cha kwanza alichofanya ni kusoma vipimajoto vya nje bila kufungua mlango wowote. Jokofu la ukuta wa barafu lilikuwa nyuzi 4.1. La kawaida lilikuwa limefika 6.4. Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi ambao rasimu yangu haikuuona kabisa: aliamua kutohamisha dozi zote. Alichukua utepe mpana wa plasta, akaupitisha kwenye mlango wa jokofu la ukuta wa barafu, akaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito "USIFUNGUE" na saa. Dozi 6,300 zilizokuwa humo ziliokolewa kwa kuachwa zilipo. Zilizohitaji kuondoka ni dozi 3,100 za jokofu la kawaida, nazo zinaingia kwenye makasha mawili ya baridi. Angeamua kuhamisha zote, angefungua jokofu lililokuwa salama, angetawanya ubaridi wake wote, na makasha yasingetosha.

Kisha yakaja mambo ya barafu, ambayo mimi wa ofisini sikuwa nayajua hata kidogo.

Pakiti za barafu zikitoka kwenye friza zinakuwa na baridi kali, chini kabisa ya sifuri. Ukizipanga kwenye kasha hapohapo na kuweka chanjo katikati, chanjo zinazogusana nazo zinaganda. Kuna chanjo zinazostahimili kuganda, kama ya matone ya polio. Lakini pentavalenti, ya nimonia, ya homa ya ini na ya pepopunda zikiganda zimekwisha, hata zikiyeyuka baadaye. Na ubaya wake ni kwamba huwezi kuona. Kile kibandiko cha duara chenye mraba katikati kilichopo kwenye kichupa huonyesha joto peke yake: mraba ukikolea mpaka ukalingana na duara, tupa. Kwa baridi hakisemi kitu. Kichupa kilichoganda na kuyeyuka kinaonekana kizima, kibandiko chake kinaonekana kizuri, na mtoto anachomwa sindano isiyomkinga. Kinachoweza kufichua ni jaribio la kutikisa, unapolinganisha kichupa unachokishuku na kingine ulichokigandisha kwa makusudi uone kama mashapo yanatua kwa kasi ileile. Nani angefanya jaribio hilo Jumatatu asubuhi kwenye vichupa ambavyo hakuna aliyevitilia shaka?

Kwa hiyo msaidizi wa mratibu alizitoa pakiti kwenye friza saa 5:15, akazipanga kwenye meza moja moja bila kugusana, akasubiri. Pakiti inakuwa tayari pale unapoitikisa karibu na sikio ukasikia maji yanacheza ndani yake. Alikuwa na tochi ya simu mdomoni, anachukua pakiti, anatikisa, anaweka chini, anachukua nyingine. Wakati huo mvua ilikuwa inakuja. Njia ya kwenda kituo cha afya cha misheni, kilomita 23 kutoka kwetu, ina korongo linalojaa maji, na dereva alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Aliniambia mwenyewe bila kuficha: alikwenda mlangoni mara tatu kusema tupakie twende. Mara ya tatu msaidizi alimpa pakiti mkononi akamwambia, "Tikisa." Akatikisa. Kimya. "Ikilia, tunaondoka."

Walianza kupakia saa 6:10. Karibu saa nzima ya kusubiri huku jokofu likipanda hadi nyuzi 7.1. Hiyo ndiyo saa niliyoiita "haraka" kwenye rasimu.

Kitabu cha safari cha gari kilinifundisha jambo jingine. Kwenye safu ya abiria kulikuwa na watu watatu wakati mimi nilikuwa nawajua wawili. Wa tatu alikuwa mhudumu wa afya wa wodi ya wazazi, aliyeruhusiwa na muuguzi wa zamu kwenda kusaidia. Alikaa nyuma ya gari akiwa ameshika kasha moja kati ya magoti, la pili amelizuia kwa mgongo, ili yasirushwerushwe na njia. Hakuna aliyemtaja kwa sababu kila niliyemuuliza alidhani mwenzake ameshamtaja. Na yule mfamasia mkuu niliyemweka kwenye orodha alikuwa likizo, mkoa mwingine kabisa. Nilimweka kwa itifaki tu, kwa kuwa stoo iko chini yake. Nilimpigia simu kumweleza kwamba nitamwondoa, nikiwa nimejiandaa kwa maneno magumu. Akasema, "Niondoe. Ukiniacha humo, waliokuwepo wataisomaje?"

Gari lilifika misheni saa 7:25 usiku. Muuguzi wa zamu wa pale alikuwa ameshapigiwa, ameshapanga upya chanjo zake ili kupata nafasi kwenye jokofu lao linalotumia nguvu ya jua. Kipimajoto cha kasha la kwanza kilisoma 4.6, cha pili 5.2. Umeme wetu ulirudi Jumamosi saa 9 alasiri. Jokofu lililofungwa kwa plasta lilikuwa limefika nyuzi 6.9.

Sasa kuhusu matokeo, mahali ambapo barua nyingi za pongezi zinaharibika. Nilikuwa nimeandika kwamba dozi 9,400 "ziliokolewa zisiharibike". Mratibu alinikatalia kwa upole. Dozi 6,300 zingekuwa salama hata kama gari lisingeondoka, mradi mlango usifunguliwe. Na hata zile 3,100, hakuna anayeweza kuapa kwamba zingeharibika zote. Kipimajoto kinachojirekodi hupiga kengele joto likikaa juu ya nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo. Jokofu la kawaida lingekaa bila umeme kwa saa 16 na ushee, kwa hiyo kengele ingelia karibu bila shaka. Baada ya hapo ungepaswa kusimamisha matumizi, kukagua vibandiko kichupa kwa kichupa, kutoa taarifa mkoani na kusubiri maelekezo. Nyingine zingepona, nyingine zingetupwa. Kilichokuwa hakika ni kwamba kliniki za Jumatatu zingekosa sehemu ya mgao, na mama aliyetembea kutoka kijijini na mtoto mgongoni angeambiwa arudi siku nyingine. Wako wasiorudi.

Hilo ni dai dogo kuliko dozi 9,400, lakini linasimama. Mtu wa chanjo akilisoma halitikisiki, wakati lile la kwanza lingemfanya atabasamu na kuitilia shaka barua nzima, pamoja na watu waliomo.

Palikuwa pia na suala la jenereta. Lilizimika kwa sababu tenki lilikuwa halina dizeli ya kutosha, na hilo lilikuwa kosa letu sisi utawala. Nikiwa mkweli, rasimu ya kwanza ilikwepa. Ilisema "changamoto ya umeme". Mwenzangu mmoja alipendekeza tuache hivyo, maana barua itasomwa nje. Mwingine alitaka tuandike sababu yote kama funzo. Nilichagua kuandika tukio na saa yake, jenereta lilizimika saa 4:35, bila maelezo zaidi. Sababu na jina la aliyepaswa kujaza tenki, ambalo lilikuwa la ofisi yangu, nikaliweka kwenye dokezo tofauti kwa Mganga Mfawidhi, pamoja na ombi la daftari la dizeli la kila Ijumaa. Barua ya kumshukuru mtu haifai kubeba lawama ya mwingine. Lakini ukifuta kosa kabisa, kitendo cha mlinzi kinabaki hakina maana: kwa nini alipiga simu, kama jenereta lilikuwa linafanya kazi?

Barua ya pili ilikuwa hivi. Kwenye nakala halisi kulikuwa na majina kamili na vyeo. Hapa naacha kazi zao.

Yah: PONGEZI KWA TIMU ILIYOLINDA CHANJO USIKU WA IJUMAA

Husikeni na somo la barua hii hapo juu.

2. Usiku huo umeme ulikatika saa 3:50 na jenereta la hospitali likazimika saa 4:35. Hadi umeme uliporudi Jumamosi saa 9 alasiri, hakuna chanjo iliyopata joto la zaidi ya nyuzi 8 wala iliyoganda. Barua hii inaeleza mlichofanya ili hilo liwezekane.

3. Mlinzi wa lindo la usiku: ulitambua ndani ya dakika tano kwamba stoo ya chanjo haina umeme, ukampigia mratibu kwa namba uliyokuwa umejiwekea mapema. Yote yaliyofuata yalianza na simu hiyo.

4. Mratibu wa chanjo: ulisoma vipimajoto kabla ya kufungua mlango, ukaamua dozi 6,300 zibaki kwenye jokofu lenye ukuta wa barafu na mlango wake ufungwe kwa plasta, na dozi 3,100 tu ndizo zihamishwe. Uamuzi huo ndio uliofanya makasha mawili yatoshe.

5. Msaidizi wa mratibu: ulisubiri karibu saa nzima hadi kila pakiti ya barafu isikike maji ndani, huku joto la jokofu likipanda na mvua ikikaribia. Kwa kusubiri huko ulizuia chanjo kuganda, madhara ambayo kibandiko cha kichupa kisingeyaonyesha na pengine yasingegunduliwa kabisa.

6. Dereva na mhudumu wa afya wa wodi ya wazazi: mlisafirisha makasha kilomita 23 katika mvua, mmoja akiendesha na mwingine akiyashikilia kwa magoti na mgongo, yakafika yakiwa na nyuzi 4.6 na 5.2.

7. Kutokana na hayo, hakuna kichupa kilichotupwa, hospitali haikuomba mgao wa dharura mkoani, na vituo 14 vilifanya kliniki ya Jumatatu kama ilivyopangwa. Menejimenti imeagiza utaratibu wa kufunga mlango kwa plasta na wa kusubiri pakiti za barafu uandikwe na kubandikwa stoo kama mlivyoufanya ninyi.

8. Nawashukuru.

Nilishawishiwa kuongeza neno la motisha. Sikuongeza, kwa sababu hapakuwa na fungu lililoidhinishwa, na ahadi ya fedha isiyolipwa huibadilisha barua ya pongezi kuwa deni. Posho ya safari ya usiku waliyostahili kisheria niliishughulikia kwa njia yake, haikuwa zawadi.

Kuhusu nakala, jambo hili lina kazi kuliko linavyoonekana. Watumishi wanne wa halmashauri, nakala iliingia kwenye jalada binafsi la kila mmoja, ili siku ya kupandishwa cheo au ya uteuzi wa mtumishi bora isitegemee kumbukumbu ya mtu. Mlinzi hakuwa mtumishi wetu. Alikuwa wa kampuni ya ulinzi yenye mkataba na sisi. Kwa hiyo tulimpelekea meneja wake nakala kwa barua ya kuambatanisha, tukieleza aya ya 3 inamhusu. Muuguzi wa misheni naye hakuwa chini yetu, hivyo hatukumweka kwenye orodha ya timu. Tuliandika barua fupi ya shukrani kupitia kwa mkuu wake wa kituo, ikitaja kwamba alipanga upya jokofu lake usiku kabla makasha hayajafika. Kumpongeza mtumishi wa mwingine bila kupitia kwa mkuu wake kunaweza kumletea maswali badala ya sifa.

Barua ilisomwa kwenye kikao cha asubuhi siku ya Alhamisi, siku sita baada ya tukio. Mganga Mfawidhi aliisoma mwenyewe, aya kwa aya, na kila aliyetajwa akasimama. Ilipofika aya ya 5 madaktari wawili vijana walinong'onezana, kisha mmoja akauliza pale pale pakiti inapaswa kutikiswa vipi. Msaidizi, ambaye kwa kawaida haongei vikaoni, akaeleza kwa dakika tatu, mikono ikiwa hewani kama ameshika pakiti sikioni.

Mlinzi hakuwepo, alikuwa ametoka lindo la usiku. Nilimpelekea nakala yake getini jioni, alipoingia zamu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniomba nimsomee kwa sauti kwa sababu taa ya getini ilikuwa hafifu. Nilisoma aya ya 2, nikasoma aya ya 3. Nilipotaja dakika tano alinisimamisha, akafungua daftari lake la matukio, akarudisha kurasa hadi Ijumaa ile, akaweka kidole juu ya mstari.

"Saa 4:40," akasema. "Ndiyo hiyo. Endelea."